Chama chetu kinataka kununua bondi ya serikali, mwenzetu anasema shilingi ikianguka tena nchi itashindwa kulipa. Ni kweli?

MwekaHazina_Nakuru
Hamjambo nyote. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu hapa Nakuru, tuko watu 14, wengi wanauza mitumba na wawili ni walimu. Tumechanga mpaka tumefika laki sita na tulikuwa tushakubaliana tuziweke kwa bondi ya serikali manake kwa akaunti zinakaa tu bila kuzaa. Juzi kwa mkutano mama mmoja tunayemheshimu sana akasimama akasema pesa yake haiendi huko. Anakumbuka Januari 2024 dola ikigonga 160, yeye siku hiyo alikuwa Gikomba, belo aliyozoea kununua ilikuwa imepanda mpaka akarudi nyumbani na nusu ya mzigo, na kila redio inasema Kenya itashindwa kulipa deni la nje. Wenzake wakanyamaza, sasa wote wananiangalia mimi.

Kitu sielewi ni hiki. Kama tulikopa dola bilioni mbili si tunarudisha hizo hizo bilioni mbili? Shilingi ikianguka deni linaongezekaje, na sisi tunaonunua bondi ya shilingi hayo yanatuhusu vipi? Nisaidieni, mkutano ni Jumapili.

Kijana_wa_Ploti
Ndugu usinunue dola saa hizi. Mimi mwisho wa Januari 2024 nilikuwa na pesa ya kununua ploti Kitengela, kila mtu anasema dola inaenda 200, nikanunua dola 4,000 kwa 161. Kufika Aprili ilikuwa imerudi 130 hivi na mwenye ploti anataka pesa yake, nikauza. Kama laki moja na ishirini ilipotea hivyo hivyo bila mtu kuniibia.

MwekaHazina_Nakuru
Pole sana kaka, lakini sisi hatununui dola, ni bondi.

Mzee_wa_Hesabu
Mweka hazina, swali lako la kwanza ndilo lenye kila kitu ndani kwa hivyo nitakaa hapo kidogo. Nimefanya kazi ya madeni miaka mingi kabla nistaafu.

Chukua ile yurobondi yetu ya kwanza, yaani bondi ambayo serikali inauza nje kwa dola. Juni 2014 tulikopa kwa miaka 10 dola bilioni 1.5 kwa riba ya asilimia 6.875, Desemba tukaongeza milioni 500, zikawa bilioni 2 za kulipwa kwa mkupuo mmoja Juni 2024. Siku tunakopa dola moja ilikuwa shilingi 87 na kitu. Kwa hivyo kwa daftari lako wewe mwenye shilingi tulichukua kama bilioni 175. Sasa Januari 2024 dola iko 160, zile zile bilioni 2 ni shilingi bilioni 320. Hakuna aliyekopa tena, hakuna barabara mpya imejengwa kwa hiyo tofauti, lakini bilioni 145 zimeongezeka. Na serikali inakusanya nini? Ushuru wa shilingi. VAT ya dukani, PAYE ya hao walimu wako wawili, ushuru wa mafuta, zote ni shilingi, na mishahara haikupanda kutoka 87 kwenda 160. Ni kama mtu amekodi duka kwa dola na anauza sukuma wiki kwa shilingi.

Riba nayo hivyo hivyo. Kila mwaka ilikuwa dola milioni 137.5, hiyo haikubadilika hata siku moja, lakini mwanzo ilikuwa kama shilingi bilioni 12 na kwa bei ya 160 ni bilioni 22.

Hapa ndipo watu walidanganyika. Mwaka 2014 walisema asilimia 6.875 ni rahisi kuliko kukopa hapa nyumbani. Lakini shilingi kutoka 87 hadi 160 ni kama imepoteza asilimia 6 kila mwaka, ukijumlisha na riba yenyewe unafika asilimia 13 hivi, ile ile ambayo serikali ingelipa kwa bondi ya shilingi. Rahisi ilikuwa kwa karatasi tu.

Mzalendo_Kamili
Mzee hapo umesema vizuri lakini mnatishana bure. Serikali haiwezi kufilisika, ina Benki Kuu, ikikwama inachapisha pesa inalipa. Na pia mfumuko wa bei unakula deni, hiyo kila mtu anajua, ukikopa leo ukalipa baada ya miaka kumi unalipa na pesa nyepesi.

Mzee_wa_Hesabu
Kwa deni la shilingi uko sawa kabisa, na hiyo ndiyo sababu nchi hushindwa kulipa deni la nje mara nyingi kabla ya lile la ndani. Lakini mwenye yurobondi hachukui shilingi. Ukichapisha shilingi lazima uzipeleke sokoni ununue dola, na ukifanya hivyo dola inapanda, kesho unahitaji shilingi nyingi zaidi kununua dola zile zile. Mfumuko wa bei unakula deni la shilingi, la dola haulili, unalinenepesha.

Na kuna jambo la pili zaidi ya bei. Unaweza kuwa na shilingi zote na bado dola zenyewe zisipatikane. Dola za Kenya zinatoka kwa chai, maua, watalii, pesa za ndugu zetu walio nje, na mikopo. Mwisho wa 2023 akiba ya dola ya Benki Kuu ilikuwa inatosha kuagiza bidhaa kwa chini ya miezi minne, na bilioni 2 zinasubiriwa Juni. Kila mtu anajua tarehe. Muuzaji anajua, benki inajua, mwekezaji wa London anajua.

Klaria_Mombasa
Hiyo ya kila mtu kujua tarehe naomba niiseme mimi kwa sababu nimeiona na macho, nafanya kazi ya kutoa mizigo bandarini. Mwaka 2023 mteja wangu wa vipuri anahitaji dola elfu arobaini alipe Dubai, benki inampa elfu tano leo, elfu tano wiki ijayo, na bei wanayompa sio ile ya kwenye tovuti ya Benki Kuu, iko juu kabisa. Sasa mtu kama huyo akipata dola unafikiri ataziachia? Aliyekuwa anaweka za mwezi mmoja akaanza kuweka za miezi minne. Wenye kuuza nje nao wakiletewa dola zao wanazikalia manake wanaona kesho zitakuwa ghali. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, kila mmoja anajikinga, lakini ukijumlisha wote shilingi ndio ikazidi kushuka na hofu ya deni ikazidi, na hofu ikizidi watu wanaficha dola zaidi. Ilikuwa mzunguko.

Mzee_wa_Hesabu
Klaria ameeleza vizuri kuniliko. Watu wanadhani shilingi ilianguka halafu deni likawa hatari. Deni nalo lilikuwa linaiangusha shilingi. Na ushahidi ni vile mambo yaligeuka. Riba za Marekani zilipopanda 2022 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikaa karibu miaka miwili bila kuuza yurobondi, Januari 2024 Kodivaa ikafungua mlango, Februari Kenya ikakopa dola bilioni 1.5 mpya na kununua kama bilioni 1.44 za ile ya zamani kabla ya muda wake. Mwezi huo huo bondi ya miundombinu ya shilingi ikatoa asilimia 18.46, wageni wakaleta dola kuinunua. Hofu ya Juni ikaisha, waliokuwa wameficha dola wakazitoa kwa pamoja, na kwa wiki chache tukatoka 160 tukafika 131. Hapo ndipo yule kijana wa ploti alipoumia, alinunua siku za mwisho za hofu.

Mkazi_wa_Sinza
Wakuu, sisi huku Bongo hatuna yurobondi hata moja kwa hiyo hayo hayatuhusu, mikopo yetu mingi ni ya masharti nafuu.

Klaria_Mombasa
Kaka, mlipokosa dola 2023 na shilingi yenu ikatoka 2,300 na kitu hadi 2,700 mwaka uliofuata, mikopo hiyo nafuu haikulipwa kwa shilingi. Riba ni ndogo na muda ni mrefu, hapo nakubali, na hamna siku moja ya kulipa mabilioni kwa mpigo. Lakini bado ni pesa za watu wa nje.

Mzalendo_Kamili
Basi suluhisho ni yuan. 2025 serikali imegeuza mikopo ya SGR ya China kutoka dola kuwa yuan na riba ikashuka. Dola ituachie.

Mzee_wa_Hesabu
Riba ilishuka kweli, hiyo ni nafuu. Lakini mwenye treni analipwa nauli kwa shilingi, sio kwa yuan. Umebadilisha pesa unayodaiwa, hujaanza kudaiwa kwa unayopata.

MwekaHazina_Nakuru
Asanteni sana, sasa nimeshika. Lakini bondi yetu? Nikielewa vizuri yetu ni ya shilingi kwa hivyo hata yale ya nje yakiharibika sisi tuko salama, si ndiyo?

Mzee_wa_Hesabu
Salama zaidi, ndiyo.

Akosua_yuko_Eldoret
Samahani Mzee, hapo siwezi kunyamaza. Mimi ni Mghana, nimeolewa huku. Mwaka 2022 sidi, pesa yetu, ilianza na 6 kwa dola, kufika Novemba ilikuwa imepita 13. Desemba serikali ikasimamisha kulipa sehemu kubwa ya deni la nje, lakini kabla ya hapo, mwezi huo huo, ilianza na bondi za ndani, za sidi. Watu waliambiwa wabadilishe bondi zao wapewe nyingine za riba ndogo na muda mrefu. Wazee waliostaafu walienda kukaa nje ya wizara ya fedha na mabango siku baada ya siku kudai wasiguswe. Baba yangu mdogo alikuwa na bondi, aliweka kiinua mgongo chake chote, riba ndiyo ilikuwa inanunua dawa ya presha. Yeye hakukopa dola na hakuuza dola. Kwa hivyo msimwambie huyo mama wa chama kwamba anaogopa kitu ambacho hakipo.

Mzee_wa_Hesabu
Dada Akosua, nakubali na nilijibu haraka. Nilikuwa na Zambia kichwani, wao walishindwa Novemba 2020 na bondi za kwacha waliziacha nje ya mpango. Nchi mbili, njia mbili. Tofauti moja ninayoiona ni kwamba Ghana riba za ndani zilikuwa zinameza bajeti vibaya sana, kugusa za nje peke yake kusingetosha. Na Kenya riba za ndani si ndogo hata kidogo.

Mweka hazina, kama mtanunua, angalieni vitu viwili. Kila Ijumaa Benki Kuu hutoa taarifa ya wiki, kuna mstari wa akiba ya dola kwa miezi ya kuagiza bidhaa, ukishuka chini ya minne mjue mambo yameanza kubana. Na muangalie tarehe za yurobondi zinazoiva, zile za mkupuo mkubwa. Ile ya 2024 waliyokopa imegawanywa mara tatu, 2029, 2030 na 2031, wamejifunza hilo. Lakini iligharimu asilimia 10.375 kulipa deni la 6.875, na mimi na wenzangu mpaka leo tunabishana kama ilikuwa lazima bei ile.

Klaria_Mombasa
Ilikuwa lazima Mzee. Ungekuwa hapa bandarini ile Januari usingeuliza.

Mzee_wa_Hesabu
Pengine. Lakini deni hilo la bei ghali tunalilipa kwa dola mpaka 2031, na shilingi ya 2031 hakuna anayeijua.

MwekaHazina_Nakuru
Nimeongea na yule mama kwa simu nikamsomea ya Akosua na ya Klaria yote. Amesema sasa angalau kuna mtu amemsikia. Jumapili nitapendekeza tuchukue bondi fupi ya miaka miwili au mitatu kwa laki tatu tu kupitia DhowCSD, ule mfumo wa Benki Kuu wa kununua bondi, na zingine zibaki, na yeye kama hataki tumrudishie mchango wake bila kinyongo. Dada Akosua, baba yako mdogo alilipwa mwishowe?

Akosua_yuko_Eldoret
Ameanza kulipwa kidogo kidogo. Dawa ananunuliwa na sisi.