Mshahara 780,000 lakini natoka saa 2 usiku: niombe nyongeza au nitulie?

Kapuku_wa_Ghala: Wakuu, heshima kwenu. Nipo kampuni moja ya vifaa vya ujenzi hapa Dar, kitengo cha ghala. Mshahara 780,000, baada ya NSSF na PAYE nabaki na 645,600. Jumatatu hadi Ijumaa naingia saa 2 asubuhi, natoka saa 2 usiku. Jumamosi naachia saa 9 alasiri. Ovataimu sijawahi kuiona. Niombe nyongeza ifike 900,000? Naogopa kuonekana mkorofi.

Mzee_Sumbawanga: Shukuru una kazi. Sisi 1994 tulibeba magunia bandarini na hakuna aliyeuliza masaa.

Dada_Payroll: Mzee, tuache magunia kidogo. Kapuku, mchana mnapumzika?

Kapuku_wa_Ghala: Saa moja, siku za wiki tu.

Dada_Payroll: Basi siku za wiki unafanya masaa 11, jumla 55, na Jumamosi 7. Ni 62 kwa wiki. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaishia 45 za kawaida, kwa hiyo 17 ni za ziada. Tukitaka saa za mwezi tunazidisha za wiki kwa 4.333. 45 zinakuwa 195, na 780,000 ukigawa kwa 195 unapata 4,000 kwa saa. Lakini wewe unafanya kama 268, kwa hiyo saa yako halisi ni shilingi 2,910. Ukihesabu kilichofika mkononi, ni 2,400 na ushee.

Saa ya ziada hailipwi chini ya mara moja na nusu, yaani 6,000 kwako. Saa 73 kwa mwezi ni 438,000. Ndiyo maana hiyo 900,000 unayotaka kuomba bado iko chini. Halafu wiki nne mwisho ni masaa 50 ya ziada, wewe una 68. Hata wangekulipa, wamepitiliza.

Chuma_Ulete: Ongeza na masaa ya foleni ya Mbagala, utakuta unamlipa bosi wewe 😂

Dada_Payroll: Foleni inakuuma, ila sheria haiihesabu. Kapuku, cheo chako kwenye barua ni nani?

*(kimya siku nzima)*

Dada_Payroll: Kapuku?

Kapuku_wa_Ghala: Meneja wa Ghala. Nilipandishwa Januari. Barua inasema cheo hiki hakina malipo ya ziada, na nilisaini. Mshahara haukuongezeka.

Wakili_Kichwani: Umesaini, imekula kwako. Mkataba ni mkataba.

Dada_Payroll: Si hivyo. Barua haifuti kiwango cha sheria. Swali ni kama wewe ni meneja kweli: unawasimamia wafanyakazi kwa niaba ya mwajiri, NA unaripoti moja kwa moja kwa mtu wa menejimenti ya juu? Yakitimia yote mawili, vifungu vya masaa havikugusi.

Kapuku_wa_Ghala: Nina wapakiaji wawili, ila ruhusa zao anatoa mhasibu mkuu. Naripoti kwake.

Dada_Payroll: Hapo ndipo pa kubishania. Mhasibu anapanga sera za kampuni, au naye anapangiwa? Piga picha daftari la mahudhurio, tunza meseji za kufunga stoo usiku. Madai ya malipo kwenye Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, yana siku 60, usisubiri Krismasi.

Kapuku_wa_Ghala: Siendi CMA. Kuna shule imeniita, stoo kiper, 700,000, saa 2 hadi kumi na nusu, Jumamosi hakuna. Nimeshawaambia ndiyo.

Mzee_Sumbawanga: Unashuka 80,000 kwa hiari yako?! Vijana!

Kapuku_wa_Ghala: Mzee, ukitoa saa moja ya mchana ni masaa 162 kwa mwezi. Zaidi ya 4,300 kwa saa. Na mtoto nitamkuta macho.

Mama_Tegeta: Mwanangu hapo umenena. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa tajiri mmoja, simu saa 8 za usiku...

Chuma_Ulete: Jamani hii ni chai. 780,000 inagawanyika kwa 195 bila baki? Hesabu ya mwalimu wa darasa la saba hii. Na shule ya kumlipa stoo kiper laki saba iko wapi, tupeleke vyeti?

Wakili_Kichwani: Nami nilinusa tangawizi.

Kapuku_wa_Ghala: Haina baki kwa sababu kabla ya kuajiriwa nilikuwa deiwaka hapohapo, 4,000 kwa saa, nalipwa kila Ijumaa. Mhasibu alizidisha kwa 195 akaniandikia mkataba. Nilidhani napanda.

Dada_Payroll: Kwa hiyo 195 anaijua.

Kapuku_wa_Ghala: Anaijua vizuri sana.

Chuma_Ulete: Haya, chai nimeimwaga. Shule ni ipi lakini?