Neno la kutafutwa: nilitamke, niliandike ndani ya video, au niliache kwenye maelezo tu?

Shiru_wa_Roysa
Wadau, hamjambo. Mimi hupangisha nyumba upande wa Roysambu na Zimmerman, na siku hizi wapangaji wananipata TikTok na YouTube kuliko kwa mabango ya getini. Video zangu ni za sekunde 40 hivi: naingia, naonyesha jiko, choo, mita ya tokeni, natoka. Neno ninalotaka kupatikana nalo ni "bedsitter Roysambu", kwa sababu ndivyo wateja wanavyoandika wakitafuta.

Naambiwa mitandao sasa inasikiliza tunachosema na kusoma maandishi yaliyo juu ya picha. Kwa hivyo niko na njia tatu: kulitamka neno, kuliandika kwenye skrini, au kuendelea na maelezo na hashtegi kama zamani. Shida ni kwamba nikiongea nachanganya Kiswahili, Kiingereza na Sheng ndani ya sentensi moja. Kuna mtu amelinganisha hizi njia?

Kim_Klipu
Mbona rahisi. Sema neno ndani ya sekunde 3 za kwanza, halafu lirudie kama mara tano. Mtambo unahesabu. Hashtegi weka nyingi iwezekanavyo.

Sauti_ya_Umoja
Kim, hapo mwanzoni uko sawa, mbele kidogo umepotea. Kulitaja neno mapema kunasaidia, hasa kwa sababu mtu aliyelitafuta analisikia mara moja na hatelezeshi video. Lakini kulirudia mara tano ndani ya sekunde 40 kunamfukuza huyo huyo. Na hashtegi nyingi zina mpaka: YouTube wenyewe wameandika kwamba video ikizidisha hashtegi 60, wanazipuuza zote.

Shiru, nimekuwa nikihariri video za watu kwa muda, nitajibu kwa urefu kidogo. Kwamba mitandao inasikiliza si uvumi. Sera ya faragha ya TikTok ya Marekani iliyotoka Juni 2021 inataja waziwazi kwamba wanachukua maneno yanayotamkwa ndani ya video na kutambua vitu na mandhari vinavyoonekana, na mapendekezo ya video ni mojawapo ya matumizi waliyoyataja. YouTube nao wanaposema jinsi wanavyopanga matokeo ya utafutaji, wanataja kichwa, maelezo, tagi na maudhui ya video yenyewe. Ambacho hakuna anayetoa ni mizani, yaani sauti ina uzito gani ukilinganisha na maandishi. Anayekuuzia asilimia, mkimbie.

Sasa njia yako ya kwanza, kutamka. Mtambo haukusikii wewe, unasoma nakala iliyotokana na sauti yako, na nakala hiyo kwa kawaida hukisia lugha moja kisha inalazimisha kila kitu kiingie humo. Ukisema "hii keja iko Roysambu, ni bedsitter poa sana, rent ni twelve", inaweza kuandika nusu sawa na nusu takataka. Majina ya mahali ndiyo huumia kwanza. Kwa hivyo usijiulize "nimesema neno?", jiulize "limeandikwa?" Hilo unaweza kuliona. Pakia video YouTube bila kuifanya ya umma, subiri manukuu ya otomatiki yatokee kwenye Studio, uyasome. TikTok washa manukuu kabla ya kuchapisha, utaona ilichosikia, na unaweza kurekebisha pale pale.

Otis_Kasa
Mimi nina ujanja. Naandika maneno yote kwa herufi ndogo sana nyeupe kwenye kona, juu ya ukuta mweupe. Mtazamaji haoni, mtambo unaona. Shiru jaribu hiyo.

Sauti_ya_Umoja
Otis, fikiria kazi anayofanya huyo msomaji wa maandishi. Anachukua fremu za video na kutafuta maumbo ya herufi dhidi ya kilicho nyuma yake. Nyeupe juu ya nyeupe haina umbo. Zaidi ya hapo, ukipakia, video inabanwa ili iwe nyepesi, na vitu vidogo vyembamba ndivyo vinavyoyeyuka kwanza. Umeficha kwa mtazamaji na kwa mtambo pia. Ukifaulu kuficha kwa mtazamaji peke yake, basi unacheza mchezo ambao mitandao huuadhibu ikiugundua.

Mama_Chapo
Naomba kuuliza kwa upande wangu. Mimi napika, siongei kabisa, naweka muziki tu na mikono. Ina maana video zangu hazisikiki? Watoto wangu ndio wanaonipakia.

Sauti_ya_Umoja
Mama, kwako sauti haina cha kusema kuhusu chapati, kwa hivyo maandishi na maelezo ndiyo yanabeba mzigo wote. Mwambie kijana aandike "chapati laini za kukanda" kwa herufi nene sekunde za mwanzo, na hatua mbili tatu katikati. Ukitaka zaidi, rekodi sauti yako ukielezea, kisha ushushe muziki chini yake. Muziki ukiwa sawa na sauti, nakala inaharibika.

Mama_Chapo
Sauti yangu! Haya, nitafikiria. Asante mwanangu.

Tabby_Kichwa
Mimi naona mnamzungusha Shiru. YouTube bado kichwa cha video ndicho mlango. Nimeona video zisizo na neno hata moja kwenye skrini zikitokea juu kwa sababu kichwa kimeandikwa vile watu wanatafuta. Andika "Bedsitter Roysambu karibu na TRM" kwenye kichwa, umemaliza nusu ya kazi. Tagi msihangaike nazo, YouTube wanasema mchango wake ni mdogo, labda kwa maneno ambayo watu hukosea kuyaandika.

Sauti_ya_Umoja
Tabby, sikupingi, kichwa kiwe cha kwanza. Lakini TikTok hakuna kichwa cha namna hiyo, na ndiko Shiru anapata wateja. Tena kichwa kikisema Roysambu na ndani hakuna kitu kinachotaja Roysambu, umeacha ushahidi wa upande mmoja.

Sasa maandishi ya skrini, Shiru, na hapa ndipo kwa mtu anayechanganya lugha kama wewe ningeanzia. Herufi hazina lafudhi. "Bedsitter Roysambu" iliyoandikwa vizuri inasomeka vilevile hata kama chini yake unapiga Sheng tupu na matatu zinapiga honi Thika Road.

Mambo matatu huiharibu. La kwanza ni mahali. Watu huweka maandishi chini kabisa, na pale ndipo TikTok huweka jina lako na maelezo, huku kulia kukiwa na vitufe. Mimi huacha robo ya chini na ukingo wa kulia wazi, naandika kwenye theluthi ya juu, lakini sio juu kabisa. La pili ni mwandiko: ule wa mapambo unaojipinda kama sahihi ya cheki, achana nao. Herufi nene za kawaida, nyeupe ndani ya kisanduku cheusi, basi. La tatu ni muda. Neno linaloruka na kupotea chini ya sekunde moja linaweza kukosa kudakwa, na mtazamaji pia halisomi. Lipe sekunde tatu limetulia.

Kipimo changu cha haraka: piga skrinishoti ya video ikicheza ndani ya app, ifungue kwa Google Lens, uone kama maneno yanachagulika. Lens si TikTok, lakini Lens ikishindwa kusoma, sioni kwa nini mwingine aweze.

Kim_Klipu
Na nikiandika ndani ya TikTok yenyewe badala ya app ya kuhariri? Nimesikia ni bora.

Sauti_ya_Umoja
Ina mantiki, kwa sababu ukiandika ndani ya app, app tayari inazo herufi zenyewe, haihitaji kukisia kutoka kwenye picha. Kwamba inazipa uzito zaidi, hilo sina ushahidi. Ubaya wake ni mmoja: ukitaka video hiyo hiyo Instagram, ukiipakua TikTok inakuja na nembo, na Instagram walisema tangu Februari 2021 kwamba Reels zenye nembo ya app nyingine hawazipendekezi sana. Kwa anayepakia kote, tengeneza safi nje, kisha uongeze maandishi ya kila app ndani yake.

Shiru_wa_Roysa
Nimefanya jaribio jana na video moja, nyumba ya ghorofa ya tatu karibu na TRM. Nilipakia YouTube bila kuionyesha. Sentensi yangu ya kwanza ilikuwa "Niaje, leo niko na keja moja fiti hapa Roysa". Manukuu yakaandika "Roysa" kama "roses". Maua! "Bedsitter" sikuwa nimeitaja hata mara moja, nilikuwa nasema keja tu.

Nikarekodi tena: "Hii ni bedsitter Roysambu, karibu na TRM, dakika tano kwa miguu." Nikatulia kidogo, kisha nikaendelea na Sheng yangu. Safari hii jina limetoka sawa, ingawa huko mbele kuna vichekesho. Skrini nimeandika "BEDSITTER ROYSAMBU" na chini yake "KSh 12,000". Lens imesoma yote.

Sauti_ya_Umoja
Hapo umepata. Sentensi moja safi ya lugha moja mwanzoni, iliyobaki ongea unavyoongea, maana ndiyo inayokuuza. Kwa YouTube, usiache vichekesho: chagua lugha sahihi ya video kwenye mipangilio, kisha rekebisha manukuu au upakie faili lako mwenyewe. Ni maandishi ya kawaida tu, unahifadhi kwa jina linaloishia na `.srt`:

```
1
00:00:00,000 --> 00:00:03,500
Hii ni bedsitter Roysambu, karibu na TRM,

2
00:00:03,500 --> 00:00:06,000
dakika tano kwa miguu.
```

Andika ulichosema tu. Ukijaza maneno ambayo hukuyatamka, kiziwi anayesoma manukuu unamdanganya.

Ila hiyo KSh 12,000 ingenitia wasiwasi. Ukishachapisha, kilichochomwa ndani ya picha hakibadiliki. Mwenye nyumba akipandisha, au chumba kikichukuliwa, video bado inazunguka na bei ya zamani. Mimi ningechoma aina na mahali, bei nikaiacha kwenye maelezo ya YouTube ambayo unaweza kuyahariri.

Tabby_Kichwa
Hapo sikubaliani kabisa. Mtafuta nyumba Nairobi anataka bei ndani ya picha, asipoiona anateleza. Tena watu wanatafuta na bei: "bedsitter 12k Roysambu". Hilo nalo ni neno la kutafutwa.

Otis_Kasa
Tabby ana pointi. Mimi nyumba isiyo na bei naona ni ya mabroka.

Shiru_wa_Roysa
Otis, mimi ndiye broka. Nitapakia mbili wiki hii za jengo moja, moja na bei ndani ya picha, nyingine bila. Halafu nitaangalia kwenye takwimu za YouTube watu wameandika maneno gani wakanifikia. Sheng bado sijui nifanyeje nayo. Kuna mtu amewahi kuona "keja" ikiandikwa sawa na manukuu ya otomatiki, upande wowote?

Kim_Klipu
Kwangu iliandika "kesha" mara moja, mara nyingine ikapatia. Nadhani inategemea maiki. Unatumia ya simu ama ile ya kubana shatini?

Shiru_wa_Roysa
Ya simu. Na ile video ya kwanza nilikuwa nimesimama balkoni, upepo ukivuma.