Nimefaulu mtihani wa Baraza, leseni ya uuguzi bado. Nimwandikieje wakala wa ajira?

Binti_Uyole

Habari za jioni wadau. Shikamooni wakubwa.

Nimemaliza stashahada ya uuguzi na ukunga hapa Mbeya. Mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga nimefaulu, nimeomba usajili na leseni, nimelipia, sasa nasubiri. Kuna wakala wa ajira ametangaza nafasi za wauguzi wodi ya wazazi katika hospitali binafsi Makambako. Sifa zote ninazo isipokuwa mstari mmoja: "awe amesajiliwa na Baraza na awe na leseni hai." Mwisho wa kutuma ni Ijumaa.

Kuna fomu ya mtandaoni inauliza "Una leseni hai?", majibu ni Ndiyo au Hapana tu. Pia ameweka imeili yake kwa maswali. Nimeandika hivi, naomba mnirekebishe:

"Naomba unisamehe kwani leseni yangu bado haijatoka, ila naahidi itatoka mwisho wa mwezi huu. Mimi ni mchapakazi na nina uhitaji mkubwa wa kazi hii. Naomba unifikirie."

---

Mzee_wa_Fursa

Mdogo wangu, unajichongea mwenyewe. Barua ya kazi haianzi na msamaha. Anza na unachokijua: wodi ya wazazi umefanya mazoezi, sema hivyo. Habari ya leseni kaa nayo kimya, kwenye fomu weka Ndiyo. Mpaka waite usaili na kukagua vyeti halisi, leseni itakuwa imeshatoka. Vijana wengi wameingia kazini hivyo.

---

Pikipiki_Njombe

Yalinikuta haya haya. Nafasi ya afisa ugani wa parachichi, walitaka leseni ya pikipiki. Mimi nilikuwa na ile ya kujifunzia, chuo cha udereva nimemaliza, trafiki amenipitisha, nasubiri kadi tu. Nikawaandikia ukweli wote na kuwauliza pikipiki yao ni ya ukubwa gani. Ikawa sisi-150! Mimi nilikuwa nimeomba daraja A1, ambalo ni la chini ya 125. Nikarudi kubadilisha ombi liwe A kabla kadi haijachapwa. Kwa hiyo dada uliza kwanza chombo ni kipi, usije ukapata leseni isiyokufaa.

---

Tulia_Tukuyu

@Pikipiki_Njombe mkuu, dada ni nesi. Leseni ya Baraza, si ya barabarani 😂

---

Pikipiki_Njombe

Aaah, nimesoma kichwa cha habari nikiwa kwenye mvua. Lakini leseni ni leseni bwana, na mimi walinipa kazi.

---

Kamwene_Utumishi

Binti_Uyole, marahaba. Nimefanya utumishi hospitalini Iringa miaka mingi na maombi kama haya nimeyasoma mengi. Niseme machache, ila kwa kirefu.

Kwanza Mzee wa Fursa yuko sahihi nusu. Kweli, usianze na msamaha, na huo "uhitaji mkubwa wa kazi" uuondoe, hakuna mwombaji asiye na uhitaji. Lakini hiyo Ndiyo ya kwenye fomu usiiguse. Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya 2010 inamkataza mtu kufanya kazi ya uuguzi bila usajili na leseni, na si muuguzi peke yake anayebanwa, aliyemweka wodini naye ana kesi ya kujibu. Ndiyo maana kitu cha kwanza tunachofanya jina likitufikia ni kulitafuta kwenye daftari la Baraza, hata kabla ya kumpigia mtu simu. Tusipolikuta, na fomu inasema Ndiyo, hatujiulizi kama leseni imechelewa. Tunaona mwongo, na wakala aliyetuletea jina hilo anaaibika. Hatakuleta tena mahali pengine.

Pili, neno "nasubiri leseni" halimwambii wakala kitu. Anayesubiri matokeo ya mtihani anasema nasubiri. Aliyefaulu lakini hajaomba usajili anasema nasubiri. Aliyeomba na kulipia anasema nasubiri. Na yule ambaye maombi yake yamerudishwa kwa sababu jina la cheti cha kidato cha nne halifanani na la NIDA naye anasema hivyo hivyo, na huyo anaweza kukaa muda mrefu sana akihangaika na hati ya kiapo. Wa kwanza na wa mwisho siwezi kuwapangia hata usaili. Wewe wa tatu naweza. Basi sema uko hatua gani, na uweke ushahidi wake.

Kabla hujaandika lolote, ingia kwenye akaunti yako ya Baraza uone maombi yanasomekaje. Yanasubiri kuidhinishwa, au yamerudishwa? Malipo yanaonekana yamepokelewa? Niambie kisha tuandike.

---

Binti_Uyole

Asante sana kaka. Nimeingia sasa hivi. Malipo yamepokelewa, maombi yanasubiri kuidhinishwa, hakuna kilichorudishwa. Majina yangu yako sawa kote, niliyahangaikia tangu naanza chuo. Niliwasilisha tarehe 3 mwezi huu.

---

Kamwene_Utumishi

Vizuri, sasa una cha kuandika. Lile "itatoka mwisho wa mwezi" lifute. Tarehe hiyo si yako, ni ya Baraza, na ikipita bila leseni utakuwa umevunja ahadi ambayo hakuna aliyekuomba uitoe. Toa tarehe unazozimiliki: siku uliyowasilisha.

Halafu kumbuka unamwandikia wakala, si hospitali. Yeye ana orodha ya majina na mteja anayemsubiri. Mpe sentensi ambayo anaweza kuikata na kumpelekea mteja bila kuongeza neno. Mimi ningeandika hivi:

"Yah: Nafasi ya muuguzi, wodi ya wazazi, Makambako

Ndugu Afisa Ajira,

Naomba nafasi tajwa. Nina stashahada ya uuguzi na ukunga, na mazoezi ya mwaka wa mwisho niliyafanya wodi ya wazazi.

Tangazo linataka leseni hai ya Baraza. Kwa sasa sina. Nimefaulu mtihani wa Baraza, nimewasilisha maombi ya usajili na leseni tarehe 3 mwezi huu, malipo yamepokelewa na maombi yanasubiri kuidhinishwa. Nimeambatisha matokeo, risiti na picha ya ukurasa wa maombi.

Natambua kwamba siwezi kupangiwa zamu kabla ya leseni kutoka. Naomba kujua kama mwajiri anaweza kunifanyia usaili sasa na mkataba uanze leseni ikishatoka, au anahitaji mtu wa kuanza mara moja. Ikitoka nitakutumia nakala siku hiyohiyo.

Kwenye fomu nitajibu Hapana, ndiyo maana nakuandikia."

Sentensi ya mwisho usiiache. Fomu nyingine zinawachuja wenye Hapana zenyewe, wakala hakuoni kabisa. Kwa hiyo imeili itangulie, fomu ifuate siku hiyohiyo.

Kwenye sivii, palipo na usajili, andika "Maombi yamewasilishwa, yanasubiri kuidhinishwa." Usiandike "Muuguzi aliyesajiliwa" juu kabisa halafu chini ukajikana. Hilo nalikuta kila mara.

---

Tulia_Tukuyu

Mimi ningeongeza ajitolee wodini bila malipo mpaka leseni itoke. Inamwonyesha mwajiri kwamba ana nia, na wanamzoea.

---

Kamwene_Utumishi

Hapana Tulia. Sheria haiangalii mshahara, inaangalia kazi. Akichoma sindano bure au kwa malipo ni kilekile. Na mwajiri makini akisoma ombi hilo anajua kwamba huyu hajui mipaka yake.

---

Sista_Kitulo

Kamwene, nakuheshimu, ila hapo umekaza mno. Mimi ni msimamizi wa wodi. Wahitimu waliokuwa wakisubiri leseni tumewahi kuwapokea, wakifuatana na muuguzi mwenye leseni hatua kwa hatua, hawaachwi peke yao hata dakika. Wanajifunza utaratibu wa wodi, majalada, kupokea wagonjwa. Leseni ikitoka hatuanzi kumfundisha mtu dawa zinakaa kabati gani.

---

Kamwene_Utumishi

Sista, majalada na mapokezi sina neno. Ninachouliza ni mama anapojifungua usiku, wauguzi wawili tu zamu, huyo anayefuatana kweli atabaki ameweka mikono mfukoni? Na likitokea la kutokea, ulikuwa na maandishi yanayosema alikuwa pale kwa nafasi gani?

---

Sista_Kitulo

Maandishi tulikuwa nayo, barua ya katibu wa hospitali. Kuhusu usiku, ndiyo maana hatukuwapanga usiku. Tusikubaliane tu, lakini binti asiombe hilo kwenye barua. Hospitali ikitaka, itasema yenyewe.

---

Kamwene_Utumishi

Kwa hilo la mwisho tuko pamoja.

---

Kijana_Mafinga

Wakuu na mimi nadandia. Je, barua hii naweza kuitumia kuomba serikalini kupitia Ajira Portal? Nami nasubiri leseni, niko tayari kuweka risiti.

---

Kamwene_Utumishi

Mafinga, huko usipoteze muda wako. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira yanasema wazi kwamba hati za matokeo na matokeo ya muda hayapokelewi, sembuse risiti. Tangazo likitaka leseni, weka leseni au subiri tangazo linalofuata. Hakuna mtu wa kumwandikia pale akakupokea kwa masharti. Barua hii ni ya hospitali binafsi, za mashirika ya dini na mawakala, ambako kuna binadamu mwenye uwezo wa kuamua tarehe ya kuanza.

---

Mzee_wa_Fursa

Haya, nimeelewa la fomu. Ila bado nasema aya ya leseni isitangulie sifa zake.

---

Kamwene_Utumishi

Na haijatangulia, mzee. Soma tena. Ila isishuke chini ya aya ya pili, wakala anasoma kwenye simu.

---

Binti_Uyole

Wadau, nimetuma jana kama ilivyo, nikaongeza tu jina la hospitali ya mazoezi. Amejibu leo asubuhi. Anasema hospitali inataka wauguzi wawili wa kuanza mara moja, hao nimekosa, lakini kuna nafasi ya tatu ya mtu atakayekwenda likizo ya uzazi baadaye. Ameniuliza kama anaweza kupeleka jina langu kwa hiyo ya tatu, na ameomba picha nyingine ya ukurasa wa maombi inayoonyesha tarehe. Nafasi hiyo ni ya mkataba mfupi. Nikubali au nisubiri ya kudumu?

---

Sista_Kitulo

Muulize kwanza miezi mingapi, na kama mkataba unahesabika tangu leseni itoke au tangu yule mama aondoke. Leseni ikichelewa, mkataba unaweza kuliwa nusu kabla hujaanza.

---

Pikipiki_Njombe

Kubali dada. Makambako ni njia panda, ya kudumu utaitafutia hapo hapo.