Tupeane uzoefu: umeambiwa akaunti yako imelala, ulihakikishaje na benki ilitaka nini?

Dada wa Makambako
Wadau, nilipata ujumbe kwamba akaunti yangu imelala, salio 340,000. Mwaka 2021 nilipohama Iringa niliacha 412,000. Namba iliyokuwa kwenye ujumbe sikuipiga. Nilipiga iliyochapwa nyuma ya kadi ya ATM, kisha nikaenda tawini. Ujumbe ulikuwa wa kweli.

Ile 72,000 ndiyo iliyoninyima usingizi. Walitaka kunipa taarifa ya miezi mitatu tu, nikasisitiza ianzie muamala wangu wa mwisho. Kumbe ni makato ya 2,000 kwa mwezi, miezi 36, hesabu ikakaa sawa. Walichukua namba ya NIDA, alama za vidole, picha na sahihi mpya, nikatoa pesa kidogo palepale. Ninyi je?

Mzee wa Mbalizi
Mnajisumbua na foleni. Weka elfu kumi kwa wakala, inaamka yenyewe.

Kaunta Mstaafu
Mzee wangu, shikamoo. Kuweka pesa kunaweza kukubali, lakini siku ya kutoa ukakwama, kwa sababu yeyote mwenye namba ya akaunti anaweza kukuwekea. Benki inamtaka mwenye akaunti mwenyewe. Na akikuambia mtu utume hela kwanza ndipo akaunti ifufuliwe, au umtajie namba ya siri, huyo si benki.

Mkulima wa Tukuyu
Mimi nilikwama kwenye jina. Akaunti ya malipo ya chai niliifungua kwa kitambulisho cha mpiga kura, herufi moja ya jina la ukoo ikiwa tofauti na NIDA. Mfumo ukakataa. Nikaenda kwa wakili kula kiapo kwamba majina yote mawili ni yangu, nikaongeza barua ya serikali ya kijiji na kile kitabu cha zamani cha benki. Faili likapelekwa makao makuu, ndipo ikafunguliwa.

Kaunta Mstaafu
Kitabu hicho kilikusaidia sana kaka, kinaonyesha jina kama lilivyoandikwa siku ile. Jambo jingine: kama laini uliyosajili benki umeshaiacha, badilisha namba siku hiyohiyo tawini. Laini iliyoachwa hupewa mtu mwingine, na taarifa zako zitaenda kwake.

Binti Mafinga
Ya marehemu baba inaamshwa vipi? Kadi ninayo na namba ya siri naijua.

Kaunta Mstaafu
Pole mwanangu. Kadi iweke, usiitumie. Hiyo haiamshwi, inafuata mirathi: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha familia, halafu mahakama ya mwanzo imteue msimamizi. Benki itaongea na huyo.

Dada wa Makambako
Mstaafu, makato yangu yalikoma baada ya miezi 36. Ya shemeji yangu, benki nyingine, yaliendelea hadi salio likawa sifuri. Anaweza kudai?

Kaunta Mstaafu
Aanze na malalamiko ya maandishi tawini na abaki na nakala yenye mhuri. Asiporidhika na jibu, kuna dawati la malalamiko Benki Kuu. Kurudishiwa kutategemea masharti aliyosaini siku anafungua, nayo sijayaona.