"Nimeboresha kidogo": huyu mtu wa prompti atanitoa roho

Chumvi_ya_Mawe:
Wakuu, mnamjua. Kila timu ina wake. Leo asubuhi nafungua daftari la majaribio, safu ya "Nini kimebadilika", nakuta: "nimeboresha kidogo". Basi! Hata aliyebomoa nyumba angesema kagusa tofali.

Prompti yetu inaandika maelezo ya bidhaa. Toleo la 6 lilikuwa linafaulu 17 kati ya bidhaa 20 zilezile tunazopimia kila mara. Tatu zilizidi maneno 60. Kazi ilikuwa moja: kaza sharti la urefu, pima, andika. Yeye kakaza urefu, kaongeza mifano miwili, kapandisha na `temperature` kutoka 0.2 hadi 0.8, vyote kwa mkupuo. Toleo la 7 likafaulu 11. Mabegi yote, hata ya kitambaa chepesi, yakawa "hayapitishi maji". Mteja kaamini. Kompyuta yake imeoga.

"Nimeboresha kidogo."

Ikabidi nirudi toleo la 6 nijaribu badiliko mojamoja. Urefu peke yake: 19. Mifano peke yake: 12, na mabegi yakaanza tena kuzuia maji, kwa sababu mfano wake mmoja ulikuwa begi la mvua, modeli ikanakili sifa. Siku nzima imekwisha. KIDOGO!

Jicho_Pevu7:
Na wewe uliyepeleka toleo la 7 kwa wateja bila kusoma majibu, tukuiteje?

Chumvi_ya_Mawe:
Tusitoke kwenye mada.

FundiBaridi:
Weka `temperature` 0 mkuu, yote yanakaa sawa.

Mama_Majedwali:
Haikai. Hiyo inapunguza kuyumba tu. Begi lingenakiliwa vilevile. Chumvi, toleo la 6 uliwahi kulipima mara tatu bila kugusa chochote? Likitoa 17, 16, 18, basi hiyo 19 yako usiishangilie bado. Ile 12 ndiyo ya kuaminika. Halafu hesabu mifano yake ina maneno mangapi. Ikiwa na 90 na sharti linasema 60, ukipima kimoja kimoja huuoni ugomvi wao.

Chumvi_ya_Mawe:
Nimehesabu. 94. Nimekaa chini.

Kobe_Mwendo:
Kwa hiyo hayo mabegi yanapatikana wapi?

Nyuki_wa_Usiku:
Afadhali wewe. Sisi hatukugusa neno, matokeo yakaporomoka. Kumbe jina la modeli tulilotumia huelekezwa kwenye toleo jipya likitoka. Daftari halikuwa na safu ya toleo la modeli. Nililaumiwa mimi wiki mbili.

Jicho_Pevu7:
Mna bahati mna daftari. Kwetu kuna `prompti_mwisho.txt`, `prompti_mwisho_kabisa.txt` na `prompti_mwisho_kabisa2_TUMIA_HII.txt`.

FundiBaridi:
Inayotumika ni ipi?

Jicho_Pevu7:
Ya kwanza.