Shilingi 30,000 zimetoka kwenye simu yangu tangu Jumatatu, kadi ya basi bado inasoma 700

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira. Jumatatu jioni nilijaza kadi yangu ya usafiri kwa simu, shilingi 30,000, na katika dakika ile ile nikapokea ujumbe wa uthibitisho wenye namba ya muamala. Jumanne alfajiri nilipanda basi pale Bweyogerere, nikagusisha kadi kwenye mashine, ikasoma 700 na kutoa mlio wa kukataa. Kondakta akanishusha mbele ya abiria wote kana kwamba nilitaka kusafiri bure, nikalazimika kuchukua bodaboda hadi mjini kwa shilingi 10,000. Jumatano mambo yakawa yale yale katika basi jingine. Huduma kwa wateja waliniambia nisubiri saa 24. Zilipokwisha wakaniambia 72. Fedha walizipokea papo hapo, kwa nini mimi nisubiri siku tatu kuzitumia?

Mama Kireka: Pole sana, kaka. Bila shaka ulikosea tarakimu moja ya namba ya kadi. Wapigie watu wa mtandao wa simu leo hii warudishe muamala, maana mimi niliwahi kutuma fedha kwa mtu nisiyemjua na zikarudi.

Fundi wa Mashine: Dada, kukosea namba hutokea kweli, lakini wewe ulimtumia mtu, yeye amelipa kampuni. Katika malipo ya namna hii mtandao wa simu kwa kawaida huuliza kwanza kwa aliyelipwa, na huyo akijibu kwamba amepokea na kuandika kwenye akaunti ya mteja, ombi huishia hapo. Mwenye uzi, kabla ya lolote tafadhali linganisha mambo mawili: namba ya kadi iliyo katika ujumbe na ile iliyochapwa kwenye kadi, kisha salio linaloonekana ukiingia kwenye akaunti yako na lile linalosomwa na mashine ya basi.

Mwenye uzi: Namba zinafanana tarakimu kwa tarakimu. Kwenye akaunti naona 30,700. Kwa hiyo wananionyesha fedha wasizotaka nizitumie!

Fundi wa Mashine: Tofauti ni 30,000 kamili, basi fedha zako zimefika kwenye seva ya kampuni, ila hazijaandikwa kwenye chipu ya kadi. Nimefunga mashine hizi kwa miaka kadhaa, na nyingi haziulizi seva abiria anapopanda, kwa sababu basi likipoteza mtandao njiani foleni yote ingekwama mlangoni; husoma salio lililo ndani ya chipu na kukata nauli humo humo. Ukijaza kwa simu, seva huiweka kadi yako kwenye orodha ya zinazosubiri, na mashine huichukua orodha hiyo inapopata mtandao, mara nyingi usiku basi likiwa yadini. Basi ambalo halikulala yadini, au ambalo mashine yake ilizimwa mapema, huamka na orodha ya jana. Halafu kuna kosa la mkono: kuandika huchukua muda mrefu kidogo kuliko kusoma, na abiria akiondoa kadi upesi, mashine huacha kazi katikati na salio hubaki la zamani.

Okello wa Jinja: Hata mimi tokeni ya umeme ilichelewa mwezi uliopita, nikalala gizani. Si uingize tu zile namba 20 walizokutumia?

Fundi wa Mashine: Mzee, kwenye umeme unaibeba thamani wewe mwenyewe na kuiingiza kwenye mita. Hapa hakuna namba ya kuingiza. Mashine ndiyo mbebaji, nayo imechelewa. Mwenye uzi, nenda kwenye dirisha la kituo kikuu, maana mashine ya pale kwa kawaida huwa mtandaoni mchana kutwa. Iache kadi juu yake bila kuitikisa mpaka salio jipya litokee. Usikawie, kwa kuwa mifumo mingine huondoa malipo kwenye orodha yasipochukuliwa kwa muda fulani, na hapo utaanza kudai upya.

Mwenye uzi: Nimetoka dirishani sasa hivi. Mara ya kwanza haikukubali. Mara ya pili niliiacha pale nikihesabu hadi tano, ikasoma 30,700. Namshukuru Fundi. Lakini nilipomwomba karani anieleze kwa nini ujumbe wao hausemi popote kwamba kadi lazima iguswe kwenye mashine yenye orodha mpya, alinijibu kwamba watu wote wanajua. Mimi sikujua, na kondakta wao pia hakujua. Nimeacha barua ya malalamiko yenye namba ya muamala, saa ya malipo na tarehe za mabasi yote mawili, nikidai shilingi 10,000 zangu za bodaboda. Karani ameipokea lakini amekataa kuigonga muhuri.

Mama Kireka: Rudi kesho na nakala, wakuandikie tarehe ya kuipokea. Na mimi kadi yangu inasoma pungufu tangu Ijumaa, wala sikumbuki kuiondoa upesi.