MREJESHO: bibi amerudi kwenye kioo

Swali langu lilikuwa: "Tukipiga video kol na aipedi tumekaa dakani, kamera inasogea yenyewe na bibi anakatwa, na nyuso zetu zimekuwa laini kama za mdoli, nizime wapi?"

Haya jamani, imekubali. Kumbe vilikuwa vitu viwili, mimi nilikuwa nalaumu Zoom peke yake. Picha kusogea ni Center Stage ya aipedi yenyewe, inakuza na kufuata nyuso inazoziona, na bibi hukaa pembeni kajiinamia na mtandio wake basi inamruka. Ukishaingia kwenye kol, vuta chini kutoka kona ya juu kulia, gusa Video Effects, zima Center Stage. Lazima kamera iwe inatumika, mie nilitafuta kabla ya kol nikapata patupu. Nikajua imezima pale nilipoinuka nikatembea na picha ikatulia tuli. Ila sasa haimfuati mtu, ikabidi niisogeze aipedi nyuma mpaka ukutani ndio sote tukaenea. FaceTime nayo nikaizima kivyake, kila app ina yake.

Ulaini ndio ulikuwa wa Zoom, kwenye setingi za video pale Touch up my appearance, nimezima. Dada yangu nesi yuko Mombasa, wiki nzima anatwambia haoni upele wowote shavuni kwa mtoto, jana kauona mara moja! Filta ilikuwa inaufuta. Asanteni sana, yule aliyesema nifute lenzi pia asante, ilikuwa na mafuta ya mahamri 😂